Jumla ya Chupa Moja ya Asali

Shangazi yangu anauza asali Ng'ambo, nami nilikuwa namtengenezea tovuti ya kupokea oda. Nikaijaribu kwa kutia chupa moja tu kwenye kikapu. Mahali pa jumla pakatokea [object Object], maneno ya kompyuta badala ya bei.

"Ndiyo bei hiyo?" shangazi akauliza.

Kikapu ni orodha ya vitu, kila kimoja na bei na idadi yake, na reduce, amri ya kompyuta, ilitakiwa ivipitie vyote kwa funksheni niliyoiandikia, ya kuzidisha bei kwa idadi, ilete jumla moja. Ndani ya funksheni hiyo nikatia console.log, amri ya kuchapisha kila hatua, nione inazidisha nini. Kimya. Nikafuta, nikaandika upya, nikaitukana. Kimya vilevile.

Jioni ndipo nikang'amua. Sikuipa reduce thamani ya kuanzia, basi ikakifanya kitu cha kwanza ndiyo mwanzo. Na kwa kuwa cha pili hakikuwepo, ikanirudishia kilekile kizima, si bei yake. Nikaongeza koma na sifuri baada ya funksheni, iwe ndiyo mwanzo. Bei ikatokea.

"Sasa ile uliyoshinda ukiitukana ilikosa nini?" shangazi akauliza.

Haikukosa kitu. Reduce haikuwa hata imeiita.