Ile Picha ya Kihindi

Majina hayajanipotea. Nakumbuka hata ya ng'ombe wa marehemu mama mkwe. Lakini la mwenzangu huyu sitaliandika, maana angali hai na ni mkali.

Tuliolewa mwaka mmoja, na kati ya kihamba chake cha migomba na changu kuna mfereji tu. Watoto wake wako mjini, na kila Krismasi wanambembeleza ateremke akaishi nao. Huwajibu, "Kwenye migomba yangu nitatoka nimebebwa."

Jioni moja ya masika alikuja kwangu na kiburu chake cha ndizi na maharage kwenye hotpoti. Mimi nilikuwa nimeteremka sokoni Pasua asubuhi, na kijana wa duka la muvi alinipakia picha mbili kwenye flashi. Moja ya Kihindi, haijatafsiriwa. Nyingine ya Kikorea, ya mapanga, imeingizwa sauti ya mtafsiri. Mtafsiri huyo husema peke yake maneno ya mfalme, ya malkia, hata ya farasi, na akiona mtu mjinga humtukana palepale.

Umeme wa nguzo haujafika kwangu, natumia sola, na siku tatu jua lilikuwa halijatoka. Betri ingetosha picha moja, tena kwa kuomba Mungu. Ugomvi ukaanzia hapo.

"Tuweke Mhindi," nikasema. "Kama zamani, tukiuza kahawa tunakwenda sinema mjini."

"Zamani nilikuwa mjinga. Mtu anaimba saa nzima, unaelewa nini?"

"Sinema ile ulilia mpaka kanga ikalowa. Ulielewa nini?"

"Nililia kwa sababu ulinikanyaga. Weka Mkorea."

Tukala kiburu, tukabishana. Tukanywa chai, tukabishana. Nikamwambia wazee wa kanisa watamshangaa kupenda mapanga. Akasema wangenishangaa mimi kwanza, ninayetazama viuno vya watu. Muda wote huo televisheni ilikuwa inawaka bure, na taa ya sola ikatoka kwenye kijani ikawa njano.

"Bibi wewe, tunakula betri!" Nikamtupia rimoti. "Nimeshindwa. Weka huyo Mkorea wako."

Kwenye kioo kulikuwa na vipicha viwili. Huku mwanamke wa sari nyekundu, huku mwanamume na upanga. Mimi kusoma ni kwa kubahatisha, nachagua kwa picha hizo. Akabonyeza, akabonyeza tena, akakaa vizuri na kujifunika kanga miguuni kama mshindi.

Alikuwa ameweka Mhindi.

Nikadhani ananitania. Yule mwanamke akatokea, sari nyekundu kioo kizima, akaanza kuimba. Mwenzangu akainua kichwa.

"Mbona hasemi?"

"Nani?"

"Mtafsiri."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yameelekea kwenye televisheni, lakini kidogo pembeni, kwenye ukuta. Nikakumbuka hotpoti, alivyotafuta meza kwa mkono kwanza.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mavuno. Naona ukungu, kama wa mlimani. Usiwaambie wanangu. Wakijua, keshokutwa wako hapa na gari."

Nikasogeza kiti mpaka mabega yakagusana, nikaanza.

"Huyu mwanamke ana sari nyekundu. Amesimama shambani."

"Shamba la nini?"

"La kahawa. Kahawa nzuri, imepogolewa."

"Na mwanamume?"

"Yuko nyuma ya mti. Ana masharubu kama ya marehemu mzee wako."

"Basi huyo hafai," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nikatafsiri Kihindi nisichokijua. Nilipoishiwa nikatukana mjinga mmoja, kama mtafsiri. Wachumba walipotenganishwa, taa ikawa nyekundu na televisheni ikajizima.

"Mbona kimya?"

"Wanatazamana tu. Hawawezi kusema."

Akanishika mkono. "Endelea."

Nikawaozesha gizani, na ng'ombe watatu wa mahari.

Nilipomvusha mfereji kurudi kwake nikamwambia, "Siwaambii wanao. Lakini Jumatatu tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Ukungu wa namna hiyo walimtoa mama mkwe wangu, akarudi kupalilia."

"Na wakishindwa?"

"Nitakuwa mtafsiri wako. Gari la wanao litarudi tupu."

Alikuwa na mtoto wa jicho. Wakamfanyia upasuaji jicho moja kwanza, na aliporudi kuchunguzwa daktari akasema limepona vizuri. Wanawe walipewa habari yeye akiwa tayari anakata majani ya ng'ombe.

Masika yalipokwisha na jua likatoka, alikuja mwenyewe, akapita kwenye kigogo cha kuvukia mfereji bila kupapasa. Safari hii hapakuwa na ubishi.

"Weka Mhindi," akasema.

Akatazama wimbo wa kwanza wote, kisha akanigeukia.

"Mwongo mkubwa wewe. Kahawa iko wapi? Yale ni mahindi!"