Robo Tatu ya Walioshindwa

Nilimwahidi mama mmoja wa Nyololo kwamba baraza la shule halitamfungia mlango binti yake kabla sijasimama na kusema neno. Niliahidi nikiwa nimesimama kando ya barabara, lori la misheni likinguruma nyuma yangu, na mkononi nikiwa na kikombe cha ulanzi mtogwa, ule utomvu mtamu wa mianzi ambao haujachachuka kuwa pombe, kikombe ambacho sikuwa nimekiomba lakini nilikuwa nimekwisha kukinywa. Kwa mtu aliyekuwa akienda kukaa katika baraza la kujadili dhambi ya ulanzi, huo haukuwa mwanzo mzuri.

Mama huyo alikuwa mjane na mgema. Kila asubuhi ya masika aliingia katika mianzi yake na kisu, akakata ncha za machipukizi, akaning'iniza vipande vya mwanzi vya kukinga utomvu, na jioni akauza kile kilichokusanyika. Binti yake alikuwa ameshinda mtihani wa darasa la nne, na alikuwa akingoja nafasi ya shule ya kati. Tatizo ni kwamba kati ya binti huyo na darasa la tano palikuwa na pendekezo jipya: mtoto yeyote atokaye katika nyumba igemayo ulanzi asipokelewe katika shule ya kati ya misheni, hata kama ameshinda.

"Kwa nini?" aliniuliza mama huyo. "Mtoto amekunywa?"

"Hapana, mama. Wanasema nyumba za ulanzi ndizo zinazozaa walioshindwa."

"Wangu ameshinda."

"Wanajua."

Akanitazama kama mtu anayemtazama fundi aliyejenga mlango juu ya paa. "Wewe mwalimu umesoma chuo. Huko Mbeya nenda ukawaambie. Na kikombe rudisha, si cha kwenda nacho."

Yatupasa kumtendea haki aliyeleta pendekezo. Alikuwa katibu wa shule zetu, mtu wa Iringa aliyekaa Kihesa, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za matope, na asiyekuwa na chuki na mtu yeyote ila chachu. Mwaka ule aliwaagiza wainjilisti wa upande wa Mufindi, Nyololo ikiwamo, wamwandikie, kwa kila mtoto aliyefanya mtihani, kama nyumbani kwao wanagema au hawagemi. Kisha akaketi ofisini, ambako mimi nilikuwa msaidizi wake, akapiga chapa jedwali zuri kuliko lolote nililowahi kuliona nje ya chuo. Mstari wa juu ulikuwa wa nyumba zinazogema, wa chini wa nyumba zisizogema. Safu ya kwanza ilikuwa ya walioshinda, ya pili ya walioshindwa. Watoto walikuwa mia mbili. Hesabu niliirudia mwenyewe, nikitumaini kumkuta amekosea, na hakuwa amekosea hata mtoto mmoja.

Katika safu ya walioshindwa walikuwamo watoto sitini na wanne. Arobaini na wanane kati yao walitoka katika nyumba zinazogema.

"Sabini na tano kwa mia," alisema katibu, akiuweka mkono juu ya karatasi kama mchungaji anayebariki. "Robo tatu ya walioshindwa, kijana wangu. Unataka ushahidi gani tena? Malaika ashuke na baragumu?"

"Naomba nisome mstari, mzee, badala ya safu."

"Karatasi ni ileile."

"Karatasi ni ileile, ila swali ni jingine. Wewe umewachukua walioshindwa ukauliza wanatoka wapi. Baraza linataka kujua mtoto wa mgema ana hatari gani ya kushindwa. Basi tuwachukue watoto wa wagema wote, tuone wangapi wameshindwa."

Watoto wa wagema walikuwa mia na sitini. Walioshindwa kati yao ni wale arobaini na wanane: thelathini kwa mia. Watoto wa nyumba zisizogema walikuwa arobaini tu, na walioshindwa kati yao walikuwa kumi na sita: arobaini kwa mia. Nyumba takatifu zilikuwa zimeshindwa zaidi.

Katibu aliitazama hesabu hiyo kwa muda, akaikagua, akakuta ni sahihi, akakasirika. "Chuo kimekufundisha ujanja," alisema. "Robo tatu ni robo tatu."

"Ndiyo, mzee. Lakini katika kila watoto kumi wa Mufindi, wanane wanatoka kwenye mianzi. Ungewahesabu wenye kamasi, wengi wao wangekuwa watoto wa wagema. Hata walioshinda, zaidi ya wanane katika kila kumi ni watoto wa wagema."

"Hayo ya kamasi usiyaseme Mbeya."

Tulikwenda Mbeya pamoja katika lori lile, tukiwa tumebanana na magunia, tukanyamaziana kuanzia Nyololo hadi Chimala. Pale Chimala tulishuka kula wali, na njaa ikatupatanisha kiasi cha kuombana chumvi.

Baraza lilikutana katika darasa la shule, na mvua ilipiga bati kwa nguvu hata kila msemaji alilazimika kupaza sauti kama anayemwita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Wajumbe walikuwa kumi na wawili: wachungaji tisa na walimu watatu. Mimi na katibu hatukuwa wajumbe. Tulikuwa tumeitwa kueleza. Mwenyekiti alikuwa mchungaji mzee mwenye shamba katika milima ya Mbeya, mtu ambaye hakucheka asubuhi kwa kanuni, akisema kicheko ni chakula cha mchana.

Katibu alilichora jedwali lake ubaoni, akasoma sabini na tano kwa mia, na nyuso za wachungaji zikang'aa kwa huzuni ya kuthibitishiwa. Mmoja alisema kwamba yeye alijua siku nyingi. Mwingine aliuliza kwa nini tusiwakatae na watoto wa wauza pombe ya mahindi, maana hao hawakuguswa. Walikuwa karibu kupiga kura.

Nilisimama. Nilieleza mistari na safu kama nilivyofundishwa, kwa utaratibu, kwa maneno yaliyochaguliwa vizuri, na hakuna aliyeelewa. Nikaeleza tena. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, tumekusikia. Unasema robo tatu si robo tatu."

"Nasema ni robo tatu ya kitu kingine, Baba Mwenyekiti."

"Kaa chini basi."

Sikukaa. Nilikuwa nimemwona mjumbe mmoja aliyeketi mbele, kidevu chake kifuani. Wali wa mchana ulikuwa umefanya kazi yake. Nikatazama chumba chote, nikahesabu, na nikajikuta nimekwisha kufungua mdomo kabla ya adabu kunifikia.

"Baba Mwenyekiti, kwa heshima yote, wajumbe wanne humu wamelala."

Mkoromo mmoja ulisikika juu ya mvua, ukathibitisha taarifa yangu.

"Watatu kati yao ni wachungaji," niliendelea. "Watatu katika wanne: sabini na tano kwa mia ya waliolala ni wachungaji. Je, baraza lipitishe kwamba wachungaji wasiingie tena barazani, kwa kuwa uchungaji unaleta usingizi?"

Mchungaji mmoja aliyekuwa macho alisema kwa sauti nzito, "Huo ni uonevu. Sisi tuko wengi humu. Tuko tisa. Wakilala watu, lazima wengi wawe sisi."

"Baba, basi tuhesabu vipi ili tusiwaonee?"

"Wachukue wachungaji tisa, uone wangapi wamelala. Watatu. Kisha walimu watatu." Aligeuka nyuma akatafuta. "Mmoja amelala, yule pale mwenye koti. Thuluthi yetu, thuluthi yao. Tuko sawasawa katika dhambi."

"Ahsante, Baba. Umesoma mstari."

Alilitazama jedwali la ubaoni. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni, "Na wagema wako mia na sitini."

"Na arobaini na wanane wameshindwa."

"Na hao wengine?"

"Kumi na sita katika arobaini."

"Aa," alisema. "Basi msiwaamshe watu. Waacheni walale tu, mambo yamekwisha."

Mwalimu mwenye koti aliamka hapo akauliza kama wameshapiga kura, na akaunga mkono hoja ambayo hakuijua. Mwenyekiti alicheka, kwa kuwa ilikuwa imepita saa sita mchana. Lakini kisha alinikazia macho. "Unataka tuseme ulanzi unaongeza akili?"

"Hapana, Baba. Wasiogema ni arobaini tu. Watoto wanne wangeshinda zaidi, pande zote mbili zingekuwa sawa. Na pengine wasiogema ni wageni wa kule, wamehamahama, watoto wao wamebadilisha shule. Jedwali halijui. Nasema tu kwamba halituruhusu kumkataa mtoto aliyeshinda."

Pendekezo lilianguka. Katibu alikunja karatasi yake mara mbili, kisha akainua mkono. Nilidhani angelalamika. Aliuliza, "Kwa hiyo hesabu yangu ni ya kutupa? Nimekesha juu yake."

Nilimheshimu kwa swali hilo, na ninamheshimu hadi leo. Nikamwambia si ya kutupa. Baraza lilikuwa na fedha za kumlipa mwalimu mmoja wa kuwafundisha tena walioshindwa, na hakuna aliyekuwa amesema akae wapi. Swali hilo halihusu hatari ya mtoto fulani. Linauliza walioshindwa wako wapi. Jibu lake liko katika safu, palepale alipokuwa amelipiga chapa: robo tatu yao wako kwenye mianzi. Basi mwalimu huyo akakae kwenye mianzi.

"Katikati ya ulanzi?" aliuliza mwenyekiti.

"Katikati ya wanafunzi, Baba," alijibu katibu mwenyewe, tena kwa ukali, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu asubuhi. Likapita bila kupingwa.

Nikirudi Iringa nilishuka Nyololo. Mama yule alikuwa akichuja ulanzi. Nilimwambia binti ataingia shule ya kati, na mwalimu wa marudio atakuja kukaa kijijini kwao. Hakuruka wala hakulia. Alimwita binti, akamwambia akatafute sanduku, kisha akataka nimweleze jinsi nilivyowashinda wachungaji. Nilimweleza yote, mistari na safu, kwa uangalifu. Alisikiliza vizuri mno.

"Kwa hiyo wasiogema wameshindwa zaidi."

"Mwaka huu, mama. Kwa uchache wao. Lakini haina maana kwamba..."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Hakunielewa, au alinielewa kuliko nilivyopenda. Msimu uliofuata, dereva wa lori aliniambia kwamba wauzaji wote wa Nyololo wanawaambia wasafiri kuwa baraza la wachungaji wa Mbeya limepima kwa hesabu na kuthibitisha kwamba ulanzi hufaulisha watoto, na kwamba mwalimu wa chuo ndiye aliyetoa ushahidi. Biashara, alisema, haijawahi kuwa nzuri namna ile.

Nimewaandikia, nimekwenda mwenyewe, nimechora jedwali mavumbini kwa kijiti. Wananipa kikombe na kunisifu. Kwa hiyo, msomaji, ukipita Nyololo wakati wa masika na ukauziwa ulanzi kwa maneno hayo, naomba jambo moja: kunywa ukipenda, lakini mwambie muuzaji kwamba sikusema hivyo.