Maji Yalikuwa Jikoni

Orodha ile niliiandika mimi. Mama alisema niandike kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, ingawa naandika polepole na shule niliishia darasa la saba. Ilinichukua jioni mbili. Msimu wa mvua uliotangulia umeme ulikatika kwetu Isingiro siku nne, na bomba la senta, pale madukani, likakauka siku hiyohiyo ya kwanza, maana pampu yake nayo inategemea umeme. Tulikunywa maji ya bondeni. Mama akaapa kwamba hatutakaa hivyo tena.

Kwa hiyo tukajiandaa. Tochi mbili kutoka gulio la Nkwenda, moja ya betri, moja ya kuanika juani. Betri za ile ya kwanza tuliziweka pembeni ndani ya mfuko wa nailoni, zisije zikavujia ndani ya tochi. Pawabenki moja, ya kuchajiwa kila Jumapili tukitoka kanisani. Madumu matano ya maji yaliyochemshwa, yenye vifuniko, ya kubadilishwa kila baada ya wiki mbili. Maharage, unga, makopa, karanga, chumvi, na kopo la senene waliokaushwa. Chini kabisa niliandika namba ya dharura ya watu wa umeme. Kila kitu kikipatikana mama alikuwa anaweka alama ya vema, na ilipofika vema ya mwisho aliibandika karatasi ukutani kwa uji wa unga.

Aliibandika jikoni. Jiko letu liko uani, limetengana na nyumba, kama majiko ya watu wengi huku. Maji na maharage na kuni hukaa jikoni, hatukufikiria mahali pengine. Tochi na pawabenki tu ndizo zilibaki ndani, kwa kuwa jikoni kuna moshi.

Mvua ninayoikumbuka ilianza saa tisa mchana. Ndani tulikuwa wanne: mama, dada yangu mkubwa, mtoto wake wa miezi tisa, na mimi. Mtoto alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Dada alikuwa ametoka naye zahanati, wamempa vidonge vya zinki na pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari, na muuguzi amemwambia pakiti moja ikorogwe kwenye lita moja ya maji safi, mtoto anyweshwe kidogokidogo kila akiharisha, na asiache kunyonya.

Upepo ulikuja kwa mkupuo. Tulisikia mgrevilea wa mpakani ukipasuka, kisha kishindo, kisha mlio kama mtu anayechana bati. Taa ikazimika. Nilichungulia mlangoni nikaona mti umelala juu ya nguzo, na waya umekatika na kuangukia uani. Ulikuwa umelala kwenye matope kuanzia kwenye zizi la mbuzi hadi karibu na kizingiti cha jiko. Kutoka mlangoni kwetu hadi pale hazikuzidi hatua sita.

Nyumba yetu ina mlango mmoja tu, na unatazama uani. Madirisha yote yana nondo.

Mama aliutazama waya, akasema ngoja mvua ipungue aende kuchukua dumu. Siku walipotuunganishia umeme, fundi mmoja aliwaambia watu waliokusanyika kwamba waya ukidondoka usisogelewe, hata taa zikiwa zimezimika, hata kama umevaa buti, kwa kuwa ardhi yenye maji inaupitisha umeme mbali na waya wenyewe. Alisema asubiriwe mtu wa umeme aseme umezimwa. Mama siku hiyo alikuwa anawapikia mafundi chai, hakusikia. Mimi nilisikia, kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya watu kama kawaida yangu.

Ndani tulikuwa na chupa ya chai yenye maji ya moto. Dada aliyapima kwa kikombe, yakatosha lita moja, akakoroga pakiti ya kwanza. Hayakubaki mengine. Kwa ajili ya kufulia nepi nilitoa kopo la plastiki kwenye dirisha la upande wa migomba, nikakinga matone ya paa. Hayo hatukuweza kumpa mtoto. Mkaa ulikuwa jikoni, na kiberiti pia.

Simu ya mama, ambayo ndiyo pekee nyumbani, ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Nikaichukua pawabenki. Kati ya taa zake nne ziliwaka mbili, kwa kuwa dada alikuwa ameitumia kuangalia video. Hakuna aliyemgombeza. Simu ilipowaka mama alisema tuwapigie watu wa umeme, na hapo ndipo sote tukakumbuka namba ilipo. Ilikuwa jikoni, ukutani.

Lakini mimi naandika polepole, na ninapoandika namba huitamka kila tarakimu mara mbili ndipo niiandike. Nilifumba macho nikaanza kuitamka vile. Ikaja yote. Mama alinipa simu nipige mwenyewe, nikakataa kwa kichwa, akaniambia kwamba yeye hawezi kuishika namba aliyoisikia mara moja tu. Nikapiga. Mwanamke aliyepokea aliniambia mara tatu niongeze sauti. Nilimweleza kijiji, mti, nguzo, waya, uani. Aliuliza kama kuna mtu ameguswa. Akasema tusitoke, tusiruhusu mtu kusogea, na aliyesogea arudi kwa hatua fupifupi, mafundi watakuja ila barabara ina miti iliyoanguka, na watapiga simu wakishauzima. Dada alicheka kidogo, akasema leo bubu wa nyumba hii ameongea na serikali.

Hicho ndicho kicheko pekee cha siku ile. Baada ya hapo tulikaa. Sijawahi kuona chumba kikiwa kidogo vile. Mtoto aliharisha, akanywa, akaharisha tena. Nepi zilinuka, na madirisha tulikuwa tumeyafunga kwa ajili ya baridi. Kupitia upenyo wa mlango niliyaona madumu yetu matano yamepangwa ndani ya jiko, manjano, na vifuniko vyake. Njaa ilipotushika tuliongea habari za karanga zilizokuwa karibu na madumu hayo.

Mvua ilipokoma ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Dawa kwenye jagi ilibaki chini ya robo. Midomo ya mtoto ilikuwa mikavu, na dada aliponyonyesha alisema maziwa yanapungua, maana naye hakuwa amekunywa kitu tangu mchana. Mama alivuta buti zake za shambani kutoka chini ya kitanda, akazivaa.

"Hizi ni mpira," alisema. "Umeme haupiti kwenye mpira."

Nilisema fundi alikataza buti. Akajibu kwamba fundi hana mjukuu anayeharisha humu ndani. Na tena, alisema, umeme wenyewe si umekatika? Mbona hatuna taa? Akashika komeo.

Nilisimama kati yake na mlango. Sikuwa nimewahi kumzuia mama kwa jambo lolote. Nilimwomba atazame tu juu ya ua, upande wa pili wa nguzo. Giza lilikuwa limeanza kuingia, na pale kwa jirani yetu, nyumba iliyo karibu na transfoma kuliko sisi, taa ya barazani ilikuwa inawaka.

Mama aliitazama ile taa kwa muda mrefu. Kisha alikaa kitandani na buti zake miguuni. Mimi sikuondoka mlangoni.

Ndipo nikaona mtu anapanda kwenye njia ya kibanja, shamba letu la migomba. Alikuwa ni huyohuyo jirani, mzee aliyezidi umri wa baba yangu, na mkononi alishika panga. Alikuwa ameuona mti ulivyoanguka akaja kutusaidia kuukata. Alikuwa anautazama mti. Waya ulikuwa chini, kwenye matope, na jioni ile haukuonekana.

Betri nilikuwa nimeshazitia ndani ya tochi taa ilipozimika. Nilifungua mlango nusu, nikammulika usoni, nikapaza sauti. Na neno lililonitoka lilikuwa: "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akaendelea kuja. "Poleni na mti."

Nilijua ninachotaka kusema. Lakini mkubwa huamkiwa kwanza, na baada ya kumwamkia haamrishwi. Nilitafuta namna ya kumwomba kwa adabu, na yeye akapiga hatua nyingine, na nyingine.

"Simama!" nilisema. "Simama hapohapo. Usiinue mguu."

Alisimama. Nadhani alisimama kwa mshangao zaidi kuliko kwa kuelewa. Nilishusha mwanga wa tochi kutoka usoni mwake, nikaupitisha chini kwenye matope mpaka ukafika kwenye waya. Kutoka alipokuwa zilibaki hatua kama kumi.

Mama kutoka nyuma yangu alimweleza alivyosema yule mwanamke wa simu, kwamba arudi kwa hatua fupifupi, asiinue miguu juu. Akarudi hivyo, akiburuza nyayo kama mtu anayepimia shamba, hadi kwenye migomba.

"Huyu mtoto wenu," alisema akiwa huko, "mimi nilidhani haongei."

Ndipo mama akamweleza habari ya mjukuu. Mzee alizunguka mbali, akapitia chini ya kibanja, akaja dirisha la upande mwingine ambako hakuna waya. Aliondoka, akarudi baada ya saa moja hivi na chupa ya chai yenye maji aliyochemsha mkewe, na ndizi za kuiva. Chupa haikupita kwenye nondo. Ilibidi tutoe vikombe kwa nje, avijaze hapo, sisi tukamimina kwenye jagi, kikombe kimoja kimoja. Dada alikoroga pakiti ya pili. Alipobadilisha nepi baadaye aliniita nije niguse: ilikuwa imelowa mkojo. Tulikuwa tumeusubiri tangu mchana, maana mtoto aliyekaukiwa maji hakojoi.

Mzee alikata majani ya migomba akayaweka njiani, watu wasipite, akamsimamisha mwanawe pale. Taa ya barazani kwake ilizimika muda mfupi baadaye. Mama alinitazama. Nilimwambia bado hawajapiga. Tukalala tukiwa tumefunga komeo, sote kwenye kitanda kimoja, tochi imezimwa ili ibaki na nguvu.

Simu ililia asubuhi, wakasema wameuzima ila tuwasubiri, na mafundi walifika kama saa nne. Walikuwa wawili, wenye glavu nene. Walipima, wakaukata waya, wakauzungusha na kuuweka kando ya mti. Mmoja wao alisema sasa tutoke.

Mama alipita wa kwanza, moja kwa moja jikoni. Alirudi na dumu moja kila mkono, akayaweka chini ya kitanda, akarudi kuchukua mengine. Dada alitoka na mtoto juani. Mzee alikuwa ameshaanza kuukata mti.

Mimi nilisimama kwenye kizingiti cha nyumba. Pale uani waya ulikuwa umeacha mfereji kwenye matope, mwembamba, na maji yamejaa ndani yake. Fundi aliniona, akasema, "Toka tu, binti. Hakuna kitu."

Nilimwambia ndiyo. Nilibaki pale mpaka mama alipomaliza madumu yote matano.