Mstari wa Mita Kumi na Mbili

Mwalimu Nzisa alikuwa mtu wa kupima. Baba yake, Kilonzo, alihamia pwani kutoka Ukambani akapewa shamba la skimu ya makazi ya serikali upande wa Shimba Hills, na ugomvi wake wa kwanza na jirani ulikuwa wa mpaka. Nzisa akakua akishika ncha ya kamba ya katani huku baba akivuta ncha ya pili, na somo aliloondoka nalo ni moja: mtu hudanganya, kipimo hakidanganyi. Akaenda chuoni, akasoma fizikia, akarudi kufundisha kwenye shule moja ya sekondari nyuma ya mahoteli ya Galu. Kwa kuwa shule zetu hazijui kumpa mtu kazi moja, akabebeshwa na michezo.

Uwanja wa shule hiyo ulikuwa mwembamba na ulikomea kwenye ukuta wa hoteli. Ukuta huo uliinuliwa hadi mita sita na nusu, wageni wasisikie kelele za watoto wala wasipate vumbi lao. Wasichana wa kidato cha pili walipofundishwa kriketi, waliutupia ukuta mpira ukawarudia wenyewe, bila mtu kuchoka kwenda kuuokota. Mpira ni ule mdogo mgumu wa ngozi, ambao ukikupata kifundoni unachechemea wiki nzima. Meneja wa hoteli akaandika barua: siku mpira utakapovuka, uwanja utafungwa.

Nzisa hakubabaika. Alichukua utepe akapima. Mkono wa msichana huuachia mpira kwenye kimo cha mita moja na nusu, kwa hiyo uliobaki kuruka ni mita tano. Akawatupisha wasichana wote uwanjani, kila mmoja kwa nguvu zake zote. Aliyefika mbali zaidi ni Mwanapili, binti wa Bi Hafsa wa Msambweni, mita ishirini. Nzisa akakokotoa: kutupa mita ishirini ni kasi ya mita kumi na tatu nukta sita kwa sekunde. Kisha akauliza, kutoka umbali gani kasi hiyo haitoshi kuuvuka ukuta? Akatumia pembe ya nyuzi arobaini na tano, kwa sababu kila mwanafunzi wa fizikia anajua kuwa hiyo ndiyo pembe ya kutupa mbali. Kutoka mita kumi na mbili alipata kwamba kuvuka kunadai kumi na nne nukta tatu. Hakuna msichana aliyekuwa na kasi hiyo. Akachora hapo mstari wa chokaa, mtu asitupe akiwa mbele yake, akaandika karatasi, mwalimu mkuu akaigonga mhuri, meneja akaipokea. Nzisa alijisikia vizuri siku ile, na kusema kweli alijivuna kidogo.

Mwezi wa pili baada ya hapo mpira ukavuka.

Mwanapili alikuwa amesimama kwenye mstari, mwenzake yuko karibu na ukuta, na zoezi lilikuwa kutupa juu ili mwenzake audake. Alitupa juu mno. Ng'ambo ya pili Mzee Chome, mtunza bustani, alikuwa amesimama hatua tano kutoka ukutani akimwagilia. Alisikia sauti za wasichana, akainua uso. Daktari alijitahidi, lakini jicho la kushoto halikuokoka.

Kwenye kikao cha bodi karatasi ya Nzisa iliwekwa mezani. Mwalimu mkuu, Mwalimu Nassir, aliisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma hati ya shamba. Ikiwa kutoka kwenye mstari mpira hauwezi kuvuka, basi aliyeuvusha hakuwa kwenye mstari. Hakuna aliyeitazama miguu ya Mwanapili. Macho yote yalifuata mpira, na Nzisa mwenyewe alikuwa ameinamia daftari lake.

"Mwanangu," Mwalimu Nassir alisema, "ajali ni ajali. Kubali kwamba ulisogea mbele, uombe radhi, yaishe."

"Sikusogea, mwalimu. Wallahi nilikuwa nyuma ya chokaa. Nilitupa juu-juu, kama tunavyoangua mabibo mtini, na mpira ulipopita ukuta ulikuwa tayari unashuka."

Wote wakamgeukia Nzisa. Alikuwa anampenda mtoto yule. Lakini alimwona anajichongea kwa ukaidi, akakasirika jinsi mwalimu anavyomkasirikia mwanafunzi mzuri.

"Mwanapili," alisema, "namba hazisemi uongo. Anayesema uongo ni nani?"

 Mtoto akafukuzwa shule, na sababu iliyoandikwa haikuwa kutupa mpira. Ilikuwa uongo.

Miezi mitano ikapita. Watu wa bima ya hoteli wakataka karatasi mpya kabla uwanja haujafunguliwa, na Mwalimu Nassir akampa Nzisa kazi hiyo, kwani nani mwingine? Alikaa na chai yake kwenye chumba cha walimu saa nne asubuhi. Safari hii, kwa kuwa jicho la mtu lilikuwa limepotea, alitaka kujihadhari mara mbili. Akajaribu mstari uleule wa zamani kwa pembe nyingine, apate tu kuonyesha kwamba arobaini na tano ndiyo mbaya kuliko zote.

Kwa nyuzi hamsini alipata kumi na tatu nukta saba. Akadhani amekosea kujumlisha. Kwa hamsini na tano, kumi na tatu nukta nne. Kwa sitini, kumi na tatu nukta tano. Kwa sitini na tano ikazidi kupanda, karibu kumi na nne. Chai ikapoa mbele yake.

Aligeuza karatasi akaanza upya, taratibu, na safari hii alilitafuta jibu lenyewe badala ya kulikisia. Arobaini na tano ni pembe ya uwanja tambarare, mpira unapoondoka na kutua kimo kimoja. Ukuta si uwanja. Mbele ya ukuta, pembe inayodai nguvu kidogo kuliko zote ni ile iliyo katikati kabisa ya mistari miwili: mstari wa jicho kutoka mkononi hadi ukingo wa juu wa ukuta, na mstari wa wima kwenda mbinguni. Kwa ukuta ule ni nyuzi hamsini na sita na kitu. Na kasi yake ni hesabu ya kitoto: kutoka mkononi hadi ukingoni kwa mshazari ni mita kumi na tatu kamili, ongeza zile tano za kimo, kumi na nane, zidisha kwa kumi ya mvutano wa dunia, mia na themanini, tafuta kipeuo chake cha pili. Kumi na tatu nukta nne. Mwanapili alikuwa na kumi na tatu nukta sita.

Kilichommaliza ni mstari wa mwisho. Mpira unaotupwa kwa nguvu ndogo kuliko zote haufiki kileleni juu ya ukuta. Hufika kileleni kabla, na unapoupita ukuta huwa tayari unashuka. Mtoto alikuwa amesema hivyohivyo, mbele ya watu wazima tisa, na mwenye shahada ya fizikia akamwita mwongo. Nzisa alijiona mjinga, kisha akajiona mbaya, na la pili lilimkaa zaidi.

Mwalimu Nassir aliisikiliza habari yote akiwa amevua miwani.

"Mwalimu Nzisa, mambo haya yameshazikwa. Mtoto na arudi muhula ujao, kimyakimya. Karatasi ya kwanza tuiache ilivyo. Ukisema mstari ulikuwa mbovu, jicho la yule mzee litatuangukia sisi."

"Si sisi, mwalimu. Mimi."

"Na ajira yako?"

 Nzisa alirudi mezani akaandika barua tatu zenye maneno yaleyale: moja ya bodi, moja ya hoteli, moja ya Mzee Chome. Ya bodi na ya hoteli alizipeleka kwa mkono wake mchana uleule. Ya mzee alimsomea mwenyewe, maana mzee hakusoma hata alipokuwa na macho mawili. Chome alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi yule binti nilimsamehe zamani," alisema. "Sasa unaniambia hakuwa yeye wa kusamehewa." Hakumsamehe Nzisa, wala Nzisa hakuomba.

Jumamosi akaenda Msambweni. Bi Hafsa alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo. Alimkaribisha kwa adabu zote, akamtolea mkeka, akamuuliza hali ya nyumbani na ya wazee, kisha akaurudia ungo wake huku akimsikiliza. Mwanapili alitoka jikoni, mikono ina unga. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Neno nililokuja nalo ni lako."

Nzisa aliwaeleza wote wawili, bila kujificha nyuma ya fizikia. Mstari ulikuwa karibu mno. Kosa la hesabu lilikuwa lake. Mwanapili alisimama palepale alipotakiwa kusimama, na kila alilosema kwenye kikao lilikuwa kweli. Nafasi yake shuleni ipo, na barua ya kumsafisha jina imeshafika kwa bodi.

Alingoja furaha, au hasira. Havikuja. Bi Hafsa aliuweka ungo chini, mchele ukamwagika kidogo, naye hakuuzoa.

"Mwalimu," alisema, "siku ile alipofukuzwa nilimpa msahafu. Nikamwambia, apa kwamba hukuvuka mstari. Akaapa. Mimi nilikuwa nimeshaonyeshwa karatasi yako, ina mhuri, imeandikwa na mtu aliyesoma. Nikajua mwanangu ameapa uongo. Mimi, mamake." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Wiki mbili sikula naye sahani moja. Nilikuwa naogopa kiapo kitamrudi. Hata akaja mwenyewe akaniambia, mama, nilivuka. Ndipo nikalala usingizi."

Nzisa alimtazama Mwanapili. "Kwa nini ulisema ulivuka?"

Msichana alifikiri kwa uangalifu, kama zamani darasani kabla ya kuinua mkono.

"Mwanzo nilisema ili mama ale na mimi. Halafu nikawa nawaza, mwalimu hakosei hesabu. Nikawa nikifumba macho nauona mguu wangu mbele ya chokaa. Mpaka leo nauona." Alisugua unga uliokauka viganjani. "Mama akasema kiapo cha uongo kina kafara, maskini kumi walishwe, na sisi hatuna. Kwa hiyo nikafunga siku tatu. Ilikuwa mwezi wa jua kali. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa kuusemea uongo msahafu wake."

Hapo sauti yake ikabadilika kwa mara ya kwanza, naye akamtazama mwalimu wake machoni, akitaka jibu kama alivyokuwa akitaka siku zote.

"Sasa zile siku tatu, mwalimu, nilizifungia nini?"