Ndoo ya Maharage Shambani

Mpishi wa vibarua wa mitaro ya shamba alipofunua ndoo saa sita, harufu ya uchachu ilimpanda puani, na juu ya maharage kulikuwa na povu. Msimamizi alikuwa amepunguza kuni, kwa hiyo mpishi aliyapika jana yake jioni kwenye moto wa chakula cha usiku, akayafunika yangali moto, na asubuhi hakuyachemsha tena.

“Shemeji, pakua basi, tumeishiwa nguvu,” alisema kaka wa mumewe, ameegemea jembe.

“Yamechacha.”

“Ongeza chumvi! Matumbo yetu ya chuma haya.”

Wenzake walicheka. Mpishi hakucheka. Kuharisha kwenye jua lile, na maji ya kunywa yamebaki dumu moja, kungemuua mtu. Akaimwaga ndoo yote chini, mbele ya macho yao, na kicheko kikakatika.

Vilibaki viazi vya kuchemsha, vitatu kila mtu, bila mafuta. Wakavila, wakarudi mtaroni. Kufikia saa tisa majembe yalikuwa yanapanda polepole, na shemeji yake alikuwa amekaa chini, jembe limelala kando.

Msimamizi akafika, akayaona maharage ardhini. “Nani kamwaga chakula cha watu?”

Mpishi akasogea mbele.

“Mimi,” akasema.