Nafasi ya Bi Ghislaine

Bi Ghislaine Bourdeau amesahihisha jarida la mji wetu, hapa Ufaransa, kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu mimi ni kukunja karatasi katika kiwanda kidogo kinachochapa jarida hilo, mwanangu Elouan akiwa kwenye kapu miguuni pangu, kwa hiyo nimemwona mama huyu kwa karibu. Ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na ile ya kichwani anaitafuta kila siku.

Kitu kimoja hakisamehe: alama ya kuuliza iliyobanana na neno. Kifaransa huiachia nafasi nyembamba. Maneno ya anayenukuliwa hufunguliwa kwa « na kufungwa kwa », na ndani yake napo pana nafasi.

“Binti, alama nayo inataka kupumua,” huniambia.

Mwezi wa tano wageni wa mji ndugu wa Uingereza walikuwa wanakuja, na halmashauri ikataka kijitabu cha kuwakaribisha: safu ya kushoto Kifaransa, ya kulia Kiingereza. Naibu meya, Bi Thibaudier, alikuja mwenyewe.

“Ghislaine, nikikuta kosa moja tu, kazi yako ya kusahihisha jarida inakwenda kwa kompyuta. Kompyuta haili mkate wala haiendi likizo.”

“Wala haisalimii watu,” akajibu Bi Ghislaine.

Safu ya Kiingereza alipewa Bwana Desmond Harker, mstaafu aliyetangulia kuja kutoka kule. Ni mtu mpole. Akigonga meza kwa goti, huiomba meza radhi. Maneno ya safu zote mbili yalikuwa kwenye kompyuta moja, na asubuhi ya Ijumaa Bi Ghislaine alitoka kwenda kununua mkate. Akiwa mlangoni alimwambia, “Bwana, kwetu alama ya kuuliza haiegemei neno. Iachie nafasi.”

Yule bwana akafikiri ameagizwa kazi. Akapitia safu yote ya Kifaransa, akafuta nafasi zilizokuwepo kwenye alama zote, alizoziona nyembamba mno, akaweka zake kwa kitufe kirefu cha chini, moja baada ya nyingine, kwa adabu kubwa.

Saa tisa nikapokea karatasi ya majaribio niikunje. Sina shule nyingi, lakini macho ninayo.

“Bi Ghislaine, hii alama mbona imekaa mwanzo wa mstari peke yake, kama mtoto aliyefukuzwa darasani?”

Akaishika karatasi. Alama kumi na moja za kuuliza zilikuwa zimeangukia mstari wa chini. Kwenye wasifu wa muuza jibini, « ilibaki mwisho wa mstari, maneno yake yamekimbilia chini.

“Umetumia nafasi gani wewe mwanamume?”

“Nafasi tu,” akasema Bwana Desmond. “Zipo ngapi?”

Bi Ghislaine akakaa. Akamweleza kwamba nafasi ya kawaida huruhusu mstari kukatika hapo hapo, na safu ikiwa nyembamba, alama inaporomoka. Yake yeye ni nafasi inayoshika: neno na alama husafiri pamoja au hubaki pamoja.

“Kama ndoa,” akasema Bwana Desmond.

“Ndoa ya nani? Sogea.”

Wakazirekebisha moja moja, yeye akibofya, bwana akihesabu, mimi nikimtikisa Elouan kwa mguu. Saa kumi na moja kamili Bi Thibaudier akaingia. Akasoma kushoto, asione kosa. Akahamia kulia, akatabasamu.

“Hili hapa. Alama imebanwa na neno. Na hii. Na hivi vialama vidogo vya kunukuu vinavyoning'inia juu kama mbu, alama zetu za « » ziko wapi? Ukurasa mzima ni makosa.”

Bi Ghislaine alifumba macho. Miaka yote nimemsikia akiziita alama za Waingereza abiria wasio na haya, wa kumbana kila jirani.

“Madame,” akasema polepole, “huo ni ukurasa wao. Kwao alama hukaa karibu na neno. Ukiiwekea nafasi, ndipo utakuwa umekosea.”

“Unatetea kubanana, wewe?”

“Natetea Kiingereza.” Alilisema kama anameza dawa.

Bi Thibaudier akamgeukia Bwana Desmond, naye akaitikia kwa kichwa, halafu akamwomba radhi. Naibu meya akaangalia tena kushoto, kulia, akakunja kijitabu.

“Jarida la Juni niletee tarehe ishirini,” akasema, akaondoka.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya shukrani ya Bwana Desmond kutoka Uingereza, kwa Kiingereza. Kila alama ya kuuliza ilikuwa imeachiwa nafasi, pana kama mlango.

Bi Ghislaine akatoa kalamu nyekundu. Akaishikilia juu ya karatasi. Kisha akaifunga kifuniko.

“Kwao ni kosa,” akaniambia, “lakini mwache,” akaanza kutafuta miwani.