Mchanganuo wa Barafu

Hajira Abdillah ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Kibiti, ng'ambo ya stendi, na ana mdomo. Mwenyewe anasema hana mdomo, ana ukweli. Wenye mdomo wote husema hivyo hivyo. Kazi inayomlisha ni kuandikia vikundi michanganuo ya biashara ya kuombea mkopo, elfu kumi na tano mchanganuo mmoja, na katika miaka sita ya kazi hiyo hajamwona mteja hata mmoja mwenye akili. Wa Ruaruke wabishi, wa Umwe wazito, na wa delta ya Rufiji ndio kabisa, hao kazi yao kula kamba na kuongopeana.

Jumanne moja ikaingia picha kwenye simu yake, imetumwa kwa WhatsApp na jirani wa mama mmoja wa Maparoni aitwaye Tabu, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake watano. Karatasi ya daftari, imepigwa kwa pembeni, kidole gumba kimeziba kona. Mama hakuandika, kachora. Nyumba, pembeni yake 60. Mtu kashika koleo, 150. Mtu mwingine na rungu, 40. Jiwe la barafu limeandikwa 1000, chini yake taa 300 na ndoo 100. Masanduku mawili yenye mlango juu, kila moja na 20 ndani yake, pembeni 2,400. Na chini kabisa, safu ya viduara, vingine vimekolezwa wino, vingine vitupu, na chini ya vile vitupu vitu kama vibuyu vidogo.

"Jamani," Hajira akamwambia Hemedy, kijana wa fotokopi, "huyu kaomba mkopo au katarizi foronya?"

Hata hivyo kazi anaijua, hilo tusimnyime. Dakika kumi tu picha ile ikawa imesema. Mama, kwa maneno ya jirani chini ya picha, anataka kugandisha barafu pale bandarini Nyamisati, awauzie wanunuzi wa kamba. Kodi elfu sitini, mshahara laki na nusu, mlinzi elfu arobaini: hizo ni gharama za kudumu, uuze usiuze zipo, laki mbili na nusu kwa mwezi. Jiwe moja linauzwa elfu moja. Umeme wake mia tatu, maji na mfuko mia, linabaki na mia sita. Akagawa laki mbili na nusu kwa mia sita, akapata mia nne kumi na sita na kitu, na kwa kuwa nusu jiwe haliuzwi akaandika mia nne kumi na saba. Hapo ndipo mtu hali faida wala hasara. Jiwe la mia nne kumi na nane ndilo linaloanza kuleta cha kutia mfukoni.

Sanduku ni friza, 20 yake ni mawe ya siku moja, na masanduku ni mawili, kwa hiyo mawe arobaini kwa siku. Siku ya kumi na moja ya mwezi mama keshavuka mstari. Mara thelathini, mawe elfu moja mia mbili. Mara mia sita, laki saba na ishirini. Toa gharama za kudumu, faida laki nne na sabini kwa mwezi. Hajira akaitazama namba ile akaona aibu kwa niaba ya mama Tabu. Mtu ana faida ya laki nne na sabini anaomba milioni mbili na laki nne, kama anaomba chumvi kwa jirani! Akamwongezea. Milioni nne na laki nane, marejesho laki nne kila mwezi kwa mwaka mmoja. Viduara akaviacha, havikuwa na namba. Akachapa, akafunga kwa jalada la bluu, akampigia jirani kwamba mama aje kusaini, karatasi zinapokelewa halmashauri mwisho Alhamisi.

Tabu alifika Jumatano mchana, kanga imelowa pindo kwa maji ya boti. Akabisha hodi, akaketi, akasubiri. Hajira akamwamkia shikamoo ya haraka haraka.

"Marahaba mwanangu. Nisomee."

"Mama, we saini tu. Kila kitu kipo."

"Nisomee."

Akasomewa. Alisikiliza gharama akitikisa kichwa kukubali. Mia nne kumi na saba akaikubali, akasema na yeye alifika humo humo kwa kokwa za korosho. Ilipofika siku ya kumi na moja akanyanyua mkono.

"Siku ya kumi na moja ya nini?"

"Ya mwezi, mama."

"Na kamba nani kavua?"

Hajira akacheka, kicheko chake kile cha kumshusha mtu. Tabu hakucheka. Akamwomba simu, akaigusa picha kwa kidole, pale chini kwenye viduara.

"Hivi vyeusi ni bamvua. Siku saba maji yanajaa sana na kupwa sana, kamba wanatoka, wanunuzi wanakuja na barafu wanataka. Kisha maji mafu, siku saba au nane. Nyavu juu, mtu halitaki barafu lako hata umpe bure. Kisha bamvua tena. Hesabu vyeusi."

Vilikuwa kumi na vinne.

Hajira akachukua kikokotoo. Arobaini mara kumi na nne, mawe mia tano sitini. Mara mia sita, laki tatu na thelathini na sita elfu. Toa laki mbili na nusu. Faida elfu themanini na sita. Na ile siku ya kumi na moja ilikuwa siku ya nne ya bamvua la pili, mwezi umekwisha kufika kumi na tisa. Marejesho aliyompangia yalikuwa laki nne.

"Na hivi vibuyu?" akauliza, sauti imeshuka.

"Vibuyu gani? Barafu za ukwaju za vimfuko. Maji mafu nawauzia abiria wa boti ya Mafia. Nikitoa sukari, mifuko na umeme, kwa siku nabaki na elfu nane."

Siku kumi na sita mara elfu nane, laki na ishirini na nane elfu. Jumlisha na themanini na sita, laki mbili na kumi na nne elfu. Mkopo wa halmashauri hauna riba, milioni mbili na laki nne kwa miezi kumi na miwili ni laki mbili kila mwezi. Inabaki elfu kumi na nne. Mwanamke asiyeandika sentensi alikuwa kajikatia mkopo wake sawasawa na uwezo wake, kachora mpaka siku za kukosa, na msomi wa Kibiti akaona tarizi.

"Haibaki nyingi," akasema Hajira.

"Hainitoshi kujenga. Inanitosha nisidaiwe. Andika hiyo."

Akaandika. Tabu akasomewa upya mwanzo mpaka mwisho, akasaini kwa dole gumba, akafungua pindo akatoa elfu kumi na tano. Hajira alisita kuipokea, kisha akaipokea, ndivyo alivyo.

"Salama wa kwetu Maparoni," Tabu akasema akiwa amesimama, "yule aliyeng'olewa mabati ya nyumba mwaka jana kwa kushindwa kulipa mkopo wa kuuza kamba. Yeye ulimwandikia siku ngapi?"

Habari ya Salama Hajira aliijua, na stendi nzima ilimsikia siku ile akisema watu wa delta hela hawaiwezi. Mama alipokwisha kutoka akafungua faili la Salama kwenye kompyuta, akatafuta siku za mauzo. Thelathini. Akafungua la kikundi cha Mwanawetu. Thelathini. La kina Sikudhani, thelathini. Michanganuo ya delta ilikuwa kumi na mmoja, na aliifungua yote.